TAHARIRI: Kijana, mwandikie mwenye duka faida yake kwanza, kisha mwache aamue

Vijana wengi wa Kibera wameanza kutafuta wateja kwa barua pepe. Wana huduma ya kuuza, kama vile usafirishaji wa mizigo, kupiga hesabu za duka au kuchora mabango, na hawana pesa za matangazo. Kwa hivyo wanafungua simu na kumwandikia mwenye duka ambaye hawajawahi kuongea naye. Wazo hilo si baya. Shida ni kwamba barua nyingi za aina hii zinafutwa kabla ya sentensi ya pili kusomwa, na kosa huwa ni la mwandishi, si la msomaji.

Tuchukue mfano mmoja wa hapa Olympic. Mama ana duka la vyombo, anauza beseni, sufuria, thamosi na ndoo. Bidhaa zake anazitoa Kamukunji. Kila baada ya siku chache inabidi afunge duka asubuhi, apande matatu hadi mjini, atembee hadi Kamukunji, anunue, alipe mwenye mkokoteni hadi steji, kisha alipe tena mzigo kwenye matatu ya kurudi. Akifika mtaani ni mchana. Wateja waliokuja asubuhi wamekuta mlango umefungwa na wameshanunua kwa jirani.

Sasa kuna kijana wa mtaa huo huo ambaye anaweza kukusanya oda za maduka kadhaa, aende Kamukunji mara moja na alete kila mtu mzigo wake. Huduma yake inafaa kweli. Lakini barua anayoandika mara nyingi huwa hivi:

*NAFASI YA KIPEKEE!!! Mheshimiwa Mteja, sisi ni kampuni inayokua kwa kasi katika sekta ya usafirishaji. Tunatoa huduma bora kwa bei nafuu. Wenzako tayari wamejiunga, usibaki nyuma! Nafasi zimebaki tano tu na ofa inaisha leo saa kumi na mbili jioni. Lipa Sh500 za usajili sasa.*

Jiweke nyuma ya kaunta ya yule mama. Sentensi ya kwanza inamweleza habari za kampuni asiyoijua. Ya pili inaweza kuandikwa na mtu yeyote kuhusu kitu chochote. Zilizobaki zinamsukuma. Na hapa ndipo kijana haelewi anachofanya: "leo tu", "nafasi tano", "lipa kwanza" ni lugha ambayo mwenye duka anaijua tayari kutoka kwa wakora. Ndiyo wanaotuma ujumbe wa zawadi alizoshinda bila kushiriki shindano, au wa pesa zilizoingia M-Pesa kwa makosa zirudishwe haraka haraka. Mkora humharakisha mtu kwa sababu akipewa muda wa kufikiria atagundua. Kijana mwaminifu akiandika kwa haraka ile ile, amevaa nguo za mwizi kisha anashangaa mbona mlango haufunguliwi.

Barua ya huduma hiyo hiyo ingeweza kuwa hivi:

*Kichwa: Mzigo wa Kamukunji bila kufunga duka*

*Habari yako Mama Fulani,*

*Unaweza kupata mzigo wako wa Kamukunji kila Jumanne kabla ya saa saba mchana, bila kufunga duka.*

*Mimi ni (jina lako), naishi hapa Olympic. Napokea oda za maduka ya vyombo Jumatatu jioni na kuzileta Jumanne. Pesa ya bidhaa unamlipa mwenye duka la jumla wewe mwenyewe kwa namba yake ya tili. Mimi unanilipa Sh250 kwa gunia, ukishahesabu vitu vyako.*

*Ukitaka kujaribu gunia moja, nijibu hapa au unipigie. Kama haikufai, niambie tu na sitaandika tena.*

*Asante,*
*(jina lako na namba ya simu)*

Haifiki hata maneno mia moja. Anaweza kuisoma kati ya mteja mmoja na mwingine, na hiyo ndiyo nafasi pekee aliyonayo.

Angalia kichwa. Kwenye simu, mwenye duka huona maneno machache ya kichwa na mwanzo wa sentensi ya kwanza kabla hajafungua chochote. Faida ikiwa kwenye aya ya tatu, kwake haipo. Ndiyo maana "bila kufunga duka" imewekwa kichwani na ikarudiwa mwanzoni kabisa. Tena faida hiyo imetajwa kwa maneno ya siku yake, si kwa maneno ya kampuni. "Huduma bora" ni sifa anayojipa muuzaji. "Bila kufunga duka" ni asubuhi ya yule mama.

Faida ya namna hiyo huwezi kuitunga ukiwa umekaa kitandani. Lazima kwanza ujue anatoa bidhaa wapi, anafunga siku gani na nini kinamchosha. Habari njema ni kwamba Olympic si mbali na wewe. Nunua beseni, salimia, uliza mzigo huwa unatoka wapi. Mazungumzo ya dakika tano yatakupa sentensi ya kwanza kuliko saa nzima ya kufikiria maneno matamu. Ukisikia wateja wanamwita Mama Fulani, hilo ndilo jina la kuandika, si "Mheshimiwa Mteja".

Sehemu ya pesa ndiyo inayobeba barua nzima. Hofu kubwa ya mwenye duka si Sh250. Ni zile elfu kadhaa za bidhaa kupotea mikononi mwa mtu asiyemjua. Barua imeijibu hofu hiyo bila kuitaja: pesa haipiti kwa kijana, na ada inalipwa baada ya mzigo kuhesabiwa. Hakuna kiapo, hakuna "niamini". Mpangilio wenyewe unamkinga. Kama huduma yako inamtaka mgeni akulipe kabla ya kuona kitu, badilisha huduma kwanza, barua baadaye.

Kisha kuna ule mstari wa mwisho, ambao vijana wengi wanauogopa. Wanaona kwamba ukimwambia mtu anaweza kukataa, umempa sababu ya kukataa. Sisi tunaona tofauti. Mtu aliyesukumwa anakataa kimya kimya, anafuta barua na anakukwepa ukipita. Mtu aliyeachiwa nafasi anaweza kusema, "Wiki hii sina pesa, nikumbushe mwisho wa mwezi." Hilo ni jibu unaloweza kulifanyia kazi. Na ombi lenyewe ni dogo: gunia moja la kujaribu, si mkataba. Akipoteza, amepoteza kidogo. Mkumbuke pia kwamba mtaa ni mdogo. Wenye maduka wanajuana, na ukimkera mmoja leo, kesho jina lako limefika hadi Ayany.

Wacha tuseme pia palipo na mipaka, kwa sababu barua nzuri haiwezi kuokoa hesabu mbaya. Tuseme nauli yako ya kwenda na kurudi ni Sh140, na mkokoteni pamoja na mzigo kwenye matatu vinakula Sh130 kwa gunia. Ukipata duka moja pekee, Sh250 haitoshi hata gharama. Umetoa Sh20 mfukoni. Ukipata maduka matano yenye gunia moja moja, unaingiza Sh1,250, unatumia Sh790, unabaki na Sh460. Kwa hivyo usiandike "kila Jumanne" kabla hujajua kama utaenda hata Jumanne yenye oda moja. Ahadi uliyoiweka kwenye sentensi ya kwanza ndiyo atakayokushika nayo. Kama huna uhakika, andika "Jumanne hii" na uitimize.

Mpaka wa pili ni sanduku lenyewe. Wenye maduka wengi wana anwani ya barua pepe kwa sababu iTax ya KRA huitaka mtu anapojisajili. Mara nyingi ilifunguliwa saiba, na nywila inajulikana na kijana wa saiba kuliko mwenyewe. Anwani ya aina hiyo ni kaburi. Dalili ni kwamba ukiuliza, "Barua pepe huwa unaisoma?" anacheka. Basi usipoteze muda. Maneno yale yale yapeleke kwa WhatsApp au uyaseme kaunta. Mpangilio haubadiliki: faida, wewe ni nani, pesa inakaa wapi, uhuru wa kukataa.

Mpaka wa tatu ni sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakataza kutumia data ya mtu binafsi kwa biashara bila idhini yake ya wazi, isipokuwa pale ambapo sheria imeruhusu. Anwani ya mtu mwenye jina lake ni data yake. Kununua orodha ya anwani mia mbili na kuzimwagia barua moja, basi, si ujanja. Omba: "Mama, naweza kukutumia maelezo mafupi kwa barua pepe? Usipopenda nitaacha." Bado hakujui na barua bado ina kazi ya kumshawishi, lakini sasa inaingia kwa kubisha hodi. Na aliyesema usimwandikie tena, mfute kwenye orodha siku hiyo hiyo.

Akinyamaza je? Subiri wiki moja, andika mara moja tena, na uwe na jambo jipya la kumweleza, kwa mfano kwamba Jumanne iliyopita ulileta magunia matatu na yalifika saa sita. Usiandike "Je, uliona barua yangu?" maana hilo ni deni unalomdai mtu asiyekukopa. Baada ya hapo, nyamaza.

Utajuaje kama barua inafanya kazi? Sikiliza maswali yanayorudi. Wakiuliza, "Na sufuria ikivunjika mpini njiani nani analipa?" umeeleweka, na sasa wanapima, tayarisha jibu na uliongeze kwenye barua inayofuata. Wakiuliza, "Wewe unauza nini haswa?" sentensi ya kwanza imeshindwa. Andika tano kwanza, si hamsini, usome majibu, urekebishe, ndipo uandike nyingine tano.

Msimamo wetu ni huu: kijana anayetaka biashara ya mwenye duka wa Olympic amwandikie kama jirani mwenye kazi ya kutoa, si kama mpiga debe anayejaza matatu. Matatu ikijaa huondoka na abiria wakasahauliana. Yule mama wa vyombo utampita kesho asubuhi, na kesho kutwa tena.