Mchango wa kisima: hesabu isomwe hadharani

Tangazo la mchango wa kisima kwa wakimbizi wa ndani huko Masisi na Walikale lisiishie kwenye picha ya mtoto na bidoni. Liseme, kwa mfano: «Tunatafuta dola 9,000 kabla ya tarehe 30 Septemba. Kila Jumamosi hesabu itabandikwa mahali pa kuchimbia na kusomwa redioni: iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki.»

Liseme pia lile ambalo wengi hulinyamazia: mara nyingi mwenye mashine hulipwa kwa mita alizochimba, hata maji yakikosekana. Mchangiaji ajue mapema kama pesa itakayobaki itatengeneza chemchemi ya karibu au itarudishwa. Na fungu la vipuri litengwe tangu mwanzo, maana pompa ya mkono inayotumiwa na watu zaidi ya 500 huchakaa upesi.