Mtoto asiyesikia akae wapi darasani?



Juma lililopita, kisha mkutano wa kikundi, mama mmoja alitungoja mlangoni. Alikuwa ameshika kaye ya imla ya binti yake, ile tunayoiita dikte. Binti huyo yuko mwaka wa tatu wa msingi, hapa Bukavu. Alipata 2 juu ya 10. Mama akatuuliza: “Mwalimu, nimtoe masomoni? Wanasema arudi mwaka wa pili, na mimi naona hata kule hatasikia kitu.”

Tunamjua mtoto huyo vizuri, kwa sababu anasoma darasani kwetu. Alizaliwa akisikia. Alipokuwa na miaka mitano alishikwa na homa ya uti wa mgongo, akapona, lakini masikio hayakurudi. Ugonjwa huo unaweza kuharibu sikio la ndani kabisa. Anasema, anasoma, anajua kuhesabu. Kwa hiyo tulichukua ile kaye, tukaketi na mama yake, tukaangalia kosa moja moja. Tuliyoyaona yalitufanya tuone haya kidogo, na leo tunawaeleza.

Sentensi ya kwanza tuliyosoma ilikuwa: “Baba amenunua bata sokoni Kadutu.” Yeye aliandika: “Mama amenunua pata sokoni Kadutu.” Tulikuwa tumepiga mistari miwili myekundu.

Sasa mfanye jaribio hili nyumbani. Wawili muangaliane uso kwa uso. Mmoja aseme bila sauti, kwa midomo tu: baba, mama, papa. Mwingine aseme ni neno gani lilitajwa. Hataweza. Herufi b, p na m zote zinafunga midomo namna moja, na tofauti yao iko kwenye sauti, siyo kwenye midomo. K na g ni mbaya zaidi, maana zinafanyika nyuma mdomoni na hazionekani hata kidogo. Mtoto anayesoma midomo anaona sehemu tu ya maneno, na sehemu inayobaki anaikisia. Binti huyu alikisia kwa akili: nani huenda Kadutu kununua? Mama. Kumbe tulimpa sufuri kwa neno aliloliandika bila kosa la herufi hata moja.

Hapo ndipo tulipoelewa jambo moja, na mengine yote yanatoka humo: macho ya mtoto huyu ndiyo masikio yake. Mtoto anayesikia anaweza kuandika huku anasikiliza. Yeye hawezi. Akiinamisha kichwa kuandika, mwalimu ni kama ametoka darasani.

Tuanze na mahali pa kukaa. Mwanzo wa mwaka tulimweka benchi ya mbele kabisa, katikati, chini ya ubao. Karibu kila mwalimu hufanya hivyo, na tulifikiri tumemsaidia. Lakini pale alilazimika kuinua shingo muda wote kama anayeangalia ndege. Watoto wote 51 walikuwa nyuma yake. Mwenzake alipojibu swali, yeye hakujua hata kwamba kuna mtu anasema.

Kisha kulikuwa na shida ya mwangaza. Darasa letu lina madirisha upande wa kushoto wa watoto, na mlango uko kuume. Sisi tulizoea kusimama karibu na dirisha. Mtu akisimama na dirisha nyuma yake, uso wake unakuwa giza na midomo haionekani. Tuliligundua hilo siku tulipokaa sisi wenyewe kwenye benchi yake, mwalimu mwenzetu akasimama mahali petu na kusema maneno bila sauti. Hatukuona kitu.

Sasa anakaa benchi ya pili, upande wa madirisha, na benchi yake tumeigeuza kidogo ielekee katikati ya darasa. Dirisha liko nyuma ya bega lake la kushoto. Sisi tunasimama upande wa mlango, hatua tatu au nne mbele yake, na mwangaza unatupiga usoni. Akigeuza kichwa kidogo tu anawaona wenzake. Tulilazimika pia kuacha kutembeatembea katikati ya benchi wakati wa kusema, tabia ambayo waalimu wengi tunayo. Siku mvua inapofunga na darasa linakuwa giza, tunamleta karibu na mlango ulio wazi. Saa ambayo jua linaingia moja kwa moja, tunahakikisha halimpigi machoni. Kwa hiyo kiti hakichaguliwi mara moja kwa mwaka mzima.

Baada ya kiti, tukaanza imla upya. Siku ya tano ya juma lililofuata tulifanya hivi. Kwenye vipande vya katoni ya sabuni tulichora picha za maneno yanayofanana midomoni: mwanaume kwa “baba”, mwanamke kwa “mama”, na bata. Kumbukeni kwamba picha ya bata haionyeshi herufi za neno “bata”. Inamwambia mtoto ni neno gani, na kuliandika bado ni kazi yake. Hivyo imla inabaki imla, na hakuna mtoto anayeweza kulalamika kwamba amependelewa.

Tulichora pia katoni mbili za amri. Moja ina jicho, maana yake “niangalieni”. Nyingine ina kalamu, maana yake “andikeni”. Tuliinua jicho na kungoja mpaka binti ametuangalia. Tukasoma sentensi nzima, kwa mwendo wa kawaida, karatasi ikiwa chini ya kidevu na siyo mbele ya mdomo. Tulipofika kwenye “baba” na “bata” tulionyesha picha. Tukanyamaza. Ndipo tukainua kalamu, na hatukusema neno lolote mpaka naye amemaliza kuandika. Kisha jicho tena, tukarudia sentensi mara ya pili ili wasahihishe.

Hatukupaza sauti. Mtu anayepaza sauti anapanua mdomo na kuuharibu umbo lake, na msomaji wa midomo anapotea. Hata kukata neno vipande, “a-me-nu-nu-a”, kunaharibu, kwa sababu yeye anasaidiwa na sentensi nzima.

Siku hiyo alipata 5 juu ya 10, na makosa yake yalikuwa makosa ya kweli: aliacha “m” katika “mboga”, aliunganisha “na” na neno lililofuata. Hayo tunaweza kumfundisha. Jambo ambalo hatukulingoja ni kwamba watoto wengine pia walitulia. Wale wa nyuma, ambao zamani walikuwa wakiuliza “mwalimu, umesema nini?” kila mara, waliangalia katoni tu.

Katika masomo mengine sheria ni ileile. Katika hesabu, zamani tulikuwa tunaandika 42 - 17 ubaoni huku tunaeleza, mgongo ukiwa kwa watoto. Sasa tunaandika kwanza, kimya. Tunageuka. Tunaonyesha kidole kwenye 2, tunatoa kidole, ndipo tunasema: “Mbili haitoshi kutoa saba.” Tukisema wakati kidole kingali ubaoni, itabidi achague kati ya kidole na mdomo. Na mtoto mwingine akijibu, tunamwonyesha kwa mkono, anasimama, na sisi tunarudia jibu lake tukimwangalia binti.

Kuna mambo ambayo yalitushinda mwanzoni. Tulikuwa tunamuuliza “umeelewa?” naye anakubali kwa kichwa. Mtoto asiyesikia anajifunza mapema kwamba kukubali kunawafanya watu wazima wamwache kwa amani. Sasa tunauliza: “Ufanye nini sasa?” Akishindwa kueleza, hakuelewa.

Tulimpa pia jirani wa kumwonyesha ukurasa na mstari. Kisha juma mbili tuliona kaye zao zina makosa yaleyale: jirani alikuwa anampa majibu. Sasa jirani anabadilishwa kila juma, na kazi yake ni kuonyesha kwa kidole tu.

Na tulimpiga kelele bure kwa uvivu. Kusoma midomo kunachosha macho na kichwa. Kisha dakika ishirini hivi anaanza kuangalia dirishani. Hiyo ni dalili ya uchovu. Tunampa kazi ya kuandika au kuchora kwa muda, kisha anarudi.

Tuseme wazi pia njia hii inaishia wapi. Binti huyu alishajua Kiswahili kabla ya kuacha kusikia, ndiyo sababu anaweza kukisia maneno. Mtoto aliyezaliwa bila kusikia hana maneno hayo kichwani. Kiti kizuri na katoni vitamsaidia kujua kazi inayofanyika, lakini havitampa lugha. Yeye anahitaji lugha ya ishara, ajifunze kwa viziwi wenyewe, na mapema, pamoja na watu wa nyumbani kwake. Msimlazimishe kusoma midomo peke yake mkingoja muujiza. Tena, mtoto yeyote anayeanza kusikia vibaya apelekwe kwanza kwenye kituo cha afya, maana usaha au uchafu uliojaa sikioni unaweza kutibiwa.

Hata kwa binti wetu, nyimbo na masimulizi ya mdomo bado ni magumu. Tunamwandikia maneno ya wimbo, anayafuata kwa kidole, basi.

Tulimwambia mama yake asimtoe, na tukamwendea direkta na kaye mbili mkononi, ile ya 2 na ile ya 5. Direkta aliangalia yale mabaki ya makosa, akakubali angoje mpaka mwisho wa muhula kabla ya kukata neno. Hajasema ndiyo, hajasema hapana. Imla ya siku ya tano iliyopita binti alipata 6.

Mama mwenye mtoto wa namna hii, usiende kwa mwalimu na lawama. Mwombe kitu kimoja kwanza: watoto wakisharudi nyumbani, ukae kwenye benchi ya mtoto wako, naye asimame mahali anaposimama kila siku, aseme maneno matano bila sauti. Mtaona wote wawili. Kisha umwombe akuandikie mbele ya juma maneno mapya ya masomo, ili mtoto ayasome nyumbani. Neno analolijua tayari, macho yake yatalitambua upesi midomoni.

Katoni za sabuni zinapatikana kwa mama yeyote wa duka. Tulizokata sisi zilitosha darasa zima.