Mtoto Anayeharisha Hahitaji Flajili

Jumapili iliyopita, katika ibada moja mjini Katesh, nilimsikia mhubiri akiwaambia akina mama kwamba hospitali ikimpa mtoto anayeharisha maji ya chumvi na kumrudisha nyumbani, wajue dawa zimekwisha, wapite dukani wakanunue dozi. Waumini wakaitikia "Amina". Kauli ile imenikera wiki nzima, maana si ya mhubiri peke yake. Ndiyo imani ya Hanang na Mbulu, kuanzia Bassotu hadi Dongobesh: Flajili ndiyo tiba, na maji ni ya kumshikilia mgonjwa mpaka tiba ipatikane.

Imani hii inaua watoto. Mtoto anayeharisha hafi kwa sababu vijidudu vimebaki tumboni. Anakufa kwa sababu maji na chumvi vimemtoka zaidi ya anavyoingiza, damu ikapungua kwenye mishipa, figo na moyo vikashindwa. Hakuna kidonge duniani kinachorudisha maji yaliyotoka. Mama anayetumia saa mbili kutafuta nauli na hela ya dozi, huku pakiti ya ORS iko kabatini, amempotezea mwanawe saa mbili za tiba.

Tuangalie vijidudu viwili vinavyotusumbua sana kwenye boma zenye kuku, mbuzi na maziwa mabichi: kampilobakta, na zile salmonela ambazo si za taifodi. Haydom ilikuwa miongoni mwa vituo vinane duniani vya utafiti wa MAL-ED, uliofuatilia watoto tangu kuzaliwa. Kwa vituo vyote pamoja, zaidi ya watoto wanane katika kila kumi walikutwa na kampilobakta kwenye choo angalau mara moja kabla ya kutimiza mwaka. Wengi walikuwa nayo bila hata kuharisha. Kama kila kijidudu cha namna hii kinadai antibiotiki, basi watoto wetu watazimeza tangu wanapoanza kutambaa.

Na Flajili yenyewe inafanya nini? Inaua amiba, jiadia na bakteria wanaoishi pasipo hewa. Salmonela haiiogopi, na kwa kampilobakta si tiba. Septrini nayo kwa kampilobakta ni bure. Hata mtu mwenye afya akipewa antibiotiki inayoiweza salmonela, kuharisha hakuishi mapema zaidi, na kijidudu huendelea kutoka kwenye choo chake kwa muda mrefu zaidi, kwani dawa imeua na bakteria wema waliokuwa wakikibana. Kwa kampilobakta, azithromaisini ikianzwa mapema hupunguza siku moja hivi ya kuharisha. Siku moja!

Watakaosema haya ni maneno ya wazungu wasiojua umaskini wetu, wasome utafiti wa ABCD. Zaidi ya watoto 8,000 wenye kuhara kwa majimaji, waliopungukiwa maji au wenye utapiamlo, katika nchi saba zikiwemo Tanzania na Kenya, walipewa ORS na zinki. Nusu wakaongezewa azithromaisini, nusu dawa bandia. Baada ya siku 180, tofauti ya vifo kati ya makundi hayo ilikuwa ndogo kiasi kwamba haikuweza kutenganishwa na bahati. Hapa kwetu Haydom, utafiti wa ELICIT uliwapa baadhi ya watoto azithromaisini tangu miezi sita, wakiwa hawaumwi, ili kuona kama kusafisha vijidudu kutawafanya warefuke. Watoto 1,188 waliingizwa. Matokeo yalitoka 2021: hawakurefuka kuliko wenzao.

Sasa tuseme maji yenyewe, maana ndiyo tiba na ina vipimo vyake. Chukua mtoto wa miezi 14 mwenye kilo 9, ameharisha siku mbili. Macho yameingia ndani, ana kiu anakivamia kikombe, na ukimfinya ngozi ya tumbo inarudi polepole. Huyu anahitaji mililita 75 kwa kila kilo ndani ya saa nne, yaani mililita 675, sawa na 170 hivi kila saa. Kijiko cha chai kimoja kila baada ya dakika mbili kinakaribia kiasi hicho. Akitapika, subiri dakika kumi kisha endelea taratibu zaidi. Anyonye kama kawaida. Akishatulia, apewe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, na zinki miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14. Pakiti ya ORS inachanganywa na lita moja kamili ya maji safi, yaani chupa mbili za nusu lita, na kinachobaki kinamwagwa baada ya saa 24. Anayeichanganya kwenye nusu lita ili "iwe kali" anamzidishia mtoto chumvi. Na mtoto aliyelegea, asiyeweza kunywa, anawahishwa hospitali kwa dripu.

Hapo wananijibu: "Mbona wangu alimeza Flajili na siku ya tatu akapona?" Jimbi likiwika lisiwike, kutakucha. Ugonjwa huu kwa kawaida huisha wenyewe ndani ya siku chache, na dawa iliyomezwa katikati inajitwalia sifa isiyo yake. Ndivyo tulivyopumbazwa pia na kipimo cha Widali. Kila mwenye homa Manyara nzima ana "taifodi", kwa sababu tone la damu liligandana kwenye kioo, jambo linaloweza kutokea hata kwa aliyewahi kukutana na salmonela nyingine zamani. Watu wanachomwa sindano siku tano kwa ugonjwa wasiokuwa nao, wanalipa, wanashukuru.

Antibiotiki ina watu wake, na hao ndio wanaonisikitisha zaidi. Mtoto mwenye damu kwenye choo apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mwenye kampilobakta aliye na homa kali, damu, au anayeharisha zaidi ya wiki anastahili azithromaisini, maana sipro mara nyingi imeshazoeleka. Kwa salmonela, wa kuhofia ni mtoto wa chini ya miezi mitatu, mwenye utapiamlo mkali, mwenye seli mundu, mtu mwenye VVU ambaye kinga imeshuka, mzee dhaifu, na mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria. Kwao salmonela hupenya utumbo ikaingia kwenye damu. Huko Muheza, Tanga, madaktari waliandika mwaka 2010 jinsi maambukizi haya ya damu kwa watoto yalivyopungua sambamba na malaria.

Na mtoto wa namna hiyo mara nyingi haharishi kabisa. Ana homa isiyoshuka, amepauka viganja, anapumua haraka. Huyo anatakiwa kutolewa damu ya kuoteshwa maabara, kisha seftriaksoni ya mshipa bila kusubiri majibu, kwa sababu ampisilini na septrini zimeshindwa na salmonela nyingi za Afrika Mashariki. Mama yake anapofika dukani, muuzaji anauliza tu kama anaharisha, anasikia "hapana", anampa ya malaria na ya homa, na mtoto anarudishwa nyumbani akiwa na bakteria kwenye damu. Jirani yake aliyeharisha mara nne tangu asubuhi, anayecheza na kunywa, ndiye anayeondoka na antibiotiki.