Usirekodi Angani, Rekodi Chini

Juzi mwanangu mmoja wa Msambweni aliposti klipu ya panzi wa kijani ametulia zake ukutani, na maandishi juu: "Nzige wameingia Kwale!" Kufika magharibi, laiki zinamiminika. Mimi sikulaiki. Si roho mbaya, jamani. Ni kwamba wengi wetu hatujui tunachotafuta, na siku wakija kweli tutakurupuka wakati ushapita.

Kwanza tuelewane. Si kila panzi anaweza kuwa nzige. Ni aina chache tu, na yule aliyetusumbua Kenya ni nzige wa jangwani. Kinachoshangaza ni kwamba naye, akiwa peke yake, ni panzi tu wa kawaida. Rangi yake inafanana na mazingira, anaruka usiku, na akiona mwenzake anajitenga.

Sasa mvua kubwa ikinyesha jangwani, majani yanaota, wanazaana. Halafu ardhi inakauka, majani yanabaki vipande vipande, na wote wanabanana pale pale. Wanaanza kugusana miguu ya nyuma. Watafiti waliwahi kuwagusa miguu hiyo kwa brashi maabarani, na kwa kama saa mbili tu wale wapweke wakaanza kutafuta wenzao. Mwilini kinachopanda ni serotonini, kemikali hiyo hiyo tuliyo nayo sisi kwenye ubongo. Rangi hubadilika baadaye, polepole, na mama huwarithisha watoto hali hiyo kupitia mayai. Kwa hivyo nzige wa kundi si mdudu mwingine. Ni yule yule mpweke, amebanwa na wenzake.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 2018 vimbunga viwili, Mekunu na Luban, vilimwaga maji kwenye jangwa la Rub' al Khali huko Uarabuni, mahali ambapo hakuna mtu wa kuangalia. Vizazi vitatu vikazaliwa kimya kimya. Wakavuka Yemen, wakaingia Somalia na Ethiopia, na mwisho wa Desemba 2019 wakatua Mandera. Januari 2021 walikuwa Taita Taveta, jirani yetu kabisa. Kundi likipata upepo linaweza kusafiri kilomita 150 kwa siku moja. Hiyo ni kama Voi hadi Diani ukinyoosha mstari.

Mnakumbuka watu walivyopiga sufuria na filimbi? Mimi sibezi, mtu anatetea mahindi yake. Lakini kelele haiui nzige. Inamhamishia kwa jirani tu.

Pa kuwashika ni chini. Jike hutaga kwenye mchanga wenye unyevu usio na majani mengi, mayai kama 80 kwa shimo moja. Kukiwa na joto yanaanguliwa baada ya kama wiki mbili, na wanaotoka ni tunutu, yaani nzige wachanga wasio na mabawa. Wa kundi wana rangi ya njano na nyeusi, na wanatembea pamoja kama zulia linalosogea. Kwa mwezi mmoja hivi hawawezi kuruka kwenda popote. Huo ndio mwanya. Watu wa miguu na pampu za mgongoni wanawamaliza, na kuvu iitwayo Metarizio inaua nzige na panzi bila kudhuru nyuki, ingawa huchukua wiki moja au mbili. Wakishaota mabawa, unahitaji ndege, sumu kali zaidi, na kuwawahi asubuhi kabla jua halijawapa nguvu ya kuruka.

Ndiyo maana mwaka 2020 FAO ilitoa programu ya simu, eLocust3m. Unapiga picha, simu inaweka mahali ulipo kwa setilaiti hata kama hakuna mtandao, halafu ripoti inaenda ukipata mtandao. Vijana wa NYS walifunzwa na kupelekwa kaunti zilizovamiwa. Ramani ya nzige Kenya ilijaa kwa macho ya watu wenye simu, sawa na yako.

Maoni yangu ni haya. Klipu ya wingu la nzige angani ni tamu kutazama, lakini ikifika kwako kazi ishakuwa ya ndege. Klipu ya tunutu njano-nyeusi kwenye mchanga wa Kinango itapata laiki tisa, na ndiyo itakayookoa shamba la mtu. Ukiwaona, rekodi, andika jina la kijiji na saa, kisha mpelekee chifu au afisa wa kilimo kabla hujaposti. Na wakishapigwa dawa, usiwaokote ukakaange.

Yule panzi wa Msambweni? Mwacheni apumzike ukutani.