Noti Mpya Haziongezi Gunia Hata Moja

Serikali inapochelewa kumlipa mkandarasi au kumalizia barabara, hapa Kiomboi utasikia swali lilelile: "Benki Kuu si yao? Kwa nini wasichapishe pesa?" Wakulima wa alizeti huliuliza, wenye maduka huliuliza, na watu waliosoma pia huliuliza. Wanaamini kwamba umaskini wetu ni uchache wa noti. Si kweli, na imani hiyo ikiingia kwenye sera huwaumiza kwanza walewale wanaoililia.

Tuchukue hesabu ndogo ya kubuni. Mji una noti za shilingi milioni 2, na kila noti hupita mikononi mwa watu mara 5 kwa mwezi. Manunuzi yote ni milioni 10. Kama kinachouzwa ni magunia 100 ya alizeti, kila gunia ni shilingi 100,000. Wachumi huandika hivi: M × V = P × Y, yaani wingi wa pesa mara kasi ya mzunguko ni sawa na bei mara wingi wa bidhaa. Sasa serikali ichapishe milioni 2 nyingine. Mvua haikuongezeka, shamba halikupanuka, magunia ni yaleyale 100. Gunia litafika 200,000. Watu wakishagundua kwamba pesa inayolala inapoteza thamani, kila mmoja atakimbilia kuitumia. Noti ikipita mikononi mara 10 badala ya 5, gunia linakuwa 400,000, ingawa pesa zimeongezeka maradufu tu. Kasi hiyo ndiyo inayowashangaza watawala.

Ni kweli kwamba uchumi unaokua huhitaji pesa zaidi, na kwamba vyuma vinapokaza watu hushikilia pesa, mzunguko ukapungua, hivyo nyongeza kidogo isipandishe bei. Ninachokipinga ni kuchapisha ili kuziba pengo la bajeti mwaka baada ya mwaka.

Waliojaribu hawako mbali. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Zaire ya Mobutu iliacha kutegemea kodi na kuwalipa askari kwa noti mpya. Mwishoni mwa 1992 ilitoka noti ya zaire milioni 5. Waziri Mkuu Étienne Tshisekedi aliikataa, wafanyabiashara nao wakaikataa. Januari 1993 askari waliolipwa kwa noti hizo walipoona hazinunui kitu, waliingia mitaani Kinshasa, wakapora na kuua. Oktoba mwaka huohuo serikali ikaleta zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani, kisha ikaendelea kuchapisha.

Watu wa Kasai walikataa zaire mpya. Mbuji-Mayi, mji wa almasi, uliendelea kutumia noti za zamani, ambazo Kinshasa haikuzichapisha tena. Nchi ikawa na pesa mbili, moja ikifurika na nyingine ikiwa na kikomo. Faranga ya Kongo ilipoanza mwaka 1998, moja ilibadilishwa kwa zaire mpya 100,000. Kwa kiwango cha 1993, hizo ni zaire za zamani bilioni 300. Lakini Kasai faranga moja ilibadilishwa kwa zaire za zamani milioni 14 tu. Mtawala alikuwa mmoja na vurugu zilikuwa zilezile. Kilichotofautiana sana ni uchapishaji. Kwangu, hakuna ushahidi mzito kuliko huo katika Afrika yetu.

Serikali hupata nini kwa kuchapisha? Hupata bidhaa bila kupitisha kodi bungeni: noti mpya hununua kabla bei hazijapanda, na hasara humwangukia aliyeweka noti za zamani sandukuni. Ni kodi isiyo na risiti. Nayo ina mwisho. Tuseme pesa zote walizonazo wananchi zina thamani ya magunia 1,000, na serikali inataka magunia 100. Inatosha sehemu moja ya kumi ya noti zote iwe mpya. Watu wakikimbilia dola, ng'ombe na mabati, pesa wanazoshika zikabaki na thamani ya magunia 200, serikali italazimika kuongeza noti maradufu ili ipate magunia yaleyale 100. Zikishuka chini ya thamani ya magunia 100, hakuna mashine itakayoifikisha huko. Huo ndio mfumuko uliokithiri: serikali inachapisha kwa kasi zaidi na kupata kidogo zaidi.

Mwenye ng'ombe na dola atanusurika. Atakayefilisika ni mama aliyeuza alizeti mwezi Juni na kuweka noti akingoja ada ya shule Januari, pamoja na mstaafu wa pensheni.

Hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2006 inaweka kikomo cha mikopo ambayo Benki inaweza kuipa Serikali. Kikomo hicho kinalinda akiba ya mkulima wa Iramba kuliko ahadi yoyote ya jukwaani. Mwanasiasa atakayekuja hapa kutaka kiondolewe, mnyimeni kura.