Barua ya Wazi kwa Idara ya Konsuli ya Ubalozi wa Marekani, Kinshasa: Maswali ya Viza ya Masomo na Mwombaji wa Rutshuru



Mahojiano ya viza ya masomo ya F-1 hufanyika mwombaji akiwa amesimama mbele ya dirisha, na mara nyingi huisha baada ya dakika chache. Afisa tayari ana fomu ya DS-160 mbele yake. Anauliza kwa Kifaransa au Kiingereza mambo yasiyobadilika sana: kwa nini chuo hiki, nani atalipa, ndugu gani wako Marekani, na baada ya masomo itakuwaje. Bahasha ya karatasi aliyoibeba mwombaji huenda isifunguliwe kabisa. Kinachopimwa ni jibu la mdomo, na kama linapatana na fomu.

Nyuma ya maswali yote kuna kifungu kimoja cha sheria ya uhamiaji ya Marekani, 214(b). Kinamchukulia kila mwombaji kama mtu anayetaka kuhamia huko moja kwa moja, mpaka amridhishe afisa kwamba sivyo. Anayenyimwa viza kwa kifungu hiki hana mahali pa kukata rufaa, lakini anaweza kuomba upya wakati wowote kwa kulipa tena dola 185. Kifungu kinachohusu uongo ni kingine, 212(a)(6)(C)(i), na adhabu yake haina mwisho: aliyedanganya juu ya jambo la msingi, au kuleta karatasi ya kughushi, hufungiwa maisha yake yote, isipokuwa apate msamaha maalumu. Tofauti hii haijulikani Kiwanja wala Rutshuru-centre. Komisioneri anayeuza majibu ya kukariri haitaji kamwe, kwa sababu ingemharibia biashara.

Maandalizi ya kweli huanzia kwenye fomu. Vijana wengi hujaziwa DS-160 na mtu mwingine, kwa Kiingereza wasichokisoma vizuri, kisha wanaulizwa dirishani juu ya maneno wasiyoyajua. Mwombaji anapaswa kukaa karibu na anayemjazia, atafsiriwe kila swali, na abaki na nakala. Akigundua kosa baadaye, alisahihishe kabla ya siku ya mahojiano, au aliseme mwenyewe mwanzoni, kabla hajaulizwa.

Swali la chuo ni jepesi kwa aliyechagua mwenyewe. Linamshinda aliyechaguliwa chuo na mtu mwingine, ambaye hawezi kutaja hata masomo ya mwaka wa kwanza.

Swali la fedha linahitaji mfano. Achukuliwe msichana wa Kiwanja mwenye diploma ya Serikali, aliyekubaliwa kusomea sayansi ya udongo. Fomu yake ya I-20 inaonyesha gharama ya dola 30,000 kwa mwaka. Chuo kinampa burse ya 22,000, kwa hiyo zinabaki 8,000. Baba yake, mfanyabiashara wa maharagwe, atatoa 3,000. Dada yake mkubwa, aliyehamishiwa Kentucky kama mkimbizi kutoka kambi ya Nakivale nchini Uganda, atatoa 5,000 kutoka mshahara wake. Komisioneri anamshauri amfiche dada na kuchapisha karatasi ya benki yenye dola 40,000 kwa jina la baba.

Ushauri huo unamwangamiza mara mbili. Benki za Goma zilifungwa M23 ilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, kwa hiyo karatasi yenye muhuri wa benki ya Goma baada ya hapo inajitilia shaka yenyewe. Isitoshe, mfanyabiashara wa maharagwe mwenye dola 40,000 zilizolala benki hafanani na biashara yake. Jibu la kweli ni la hesabu tu: chuo 22,000, dada 5,000, baba 3,000. Karatasi zake ni barua ya burse, hati za mshahara na za kodi za dada, na maelezo ya miamala ya Airtel Money au M-Pesa ya baba kwa miezi kadhaa. Asiongeze kwamba atafanya kazi ili ajilipie. Mwanafunzi wa F-1 haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, tena ndani ya chuo tu kwa mwaka wa kwanza, na afisa anaijua hesabu hiyo.

Kumficha dada ni kosa kubwa zaidi. DS-160 inauliza waziwazi juu ya mzazi, mume au mke, mtoto, kaka na dada walioko Marekani. Mkimbizi aliyehamishiwa huko alitakiwa kutaja familia yake kwenye faili lake, na jina la mdogo wake huwa limeandikwa humo miaka mingi kabla. Kumtaja dada hakumnyimi mwombaji viza papo hapo. Kunaleta swali la pili, kama anakwenda kusoma au kumfuata dada, na swali hilo lina jibu: chuo kiko wapi, dada anaishi wapi, na kwa nini chuo hicho. Vivyo hivyo kwa mwombaji ambaye yeye mwenyewe aliwahi kuandikishwa Nakivale. Anatakiwa kusema aliingia lini na alirudi lini.

Linabaki swali la kurudi, na hapa mwombaji wa Rutshuru yuko katika hali ambayo wa Lubumbashi haijui. Akisema atarudi Kiwanja kwa sababu kuna amani, anadanganya na afisa anajua. Akikariri kwamba anaipenda nchi yake, hajajibu kitu. Sheria inataka mtu awe na makazi nje ya Marekani asiyokusudia kuyaacha, haitaji kijiji. Anaweza kusema kweli kwamba Kiwanja haijatulia, kwamba wazazi na shamba viko huko, na kwamba asiporudi kijijini atafanya kazi Kinshasa au Butembo, kisha aeleze kazi yenyewe. Kukosa nyumba na mali kwa jina lake si aibu katika umri wake. Asiyeweza kabisa kufikiria kurudi Kongo, kwa kuwa maisha yake yako hatarini, hapaswi kulazimisha jibu la kurudi: njia yake ni ya ukimbizi, na viza ya masomo haikuwekwa kwa ajili hiyo.

Idara inaombwa kuyaeleza haya kwa Kiswahili na Kifaransa chepesi: kwamba ndugu aliyetajwa si kosa, na kama maelezo ya fedha za simu yanapokelewa pale ambapo benki zilifungwa. Ikumbuke pia gharama ya kufika dirishani: tangu tarehe 6 Septemba 2025 waombaji wanatakiwa kuhojiwa katika nchi yao au nchi wanamoishi. Aliye na makazi halali Uganda anaweza kwenda Kampala. Anayeishi Rutshuru lazima afike Kinshasa. Tangu uwanja wa ndege wa Goma ufungwe, wengi hupitia Bunagana hadi Entebbe ndipo wapande ndege, na gharama hiyo inaongezeka juu ya dola 350 za SEVIS na zile 185 zisizorudishwa. Baada ya safari hiyo, barua ya 214(b) wanayopewa ni ile ile kwa kila mtu. Afisa akiongeza sentensi moja dirishani, kwamba kilichopungua ni maelezo ya fedha au mpango wa baada ya masomo, mwombaji atajua kama arudi muhula ujao na karatasi za dada yake, au asubiri mpaka hali yake ibadilike kweli.