Usingoje Mteja Aliyetapeliwa Akuambie

Mteja mmoja alifika kibandani kwa rafiki yangu anayeuza vitenge, simu mkononi, akiuliza mbona mzigo wake haujafika. Alikuwa amelipa shilingi 2,500. Meseji ya malipo ilikuwa ya kweli, lakini jina lililotokea pale halikuwa la duka bali la mtu tusiyemjua. Alikuwa ameagiza Instagram, kwa akaunti yenye jina la duka na picha ileile ya duka.

Rafiki yangu aliitafuta hiyo akaunti kwa simu yake. Hakuna kitu. Mimi nikatafuta kwa yangu, ikatokea juu kabisa. Tapeli alikuwa amemblok mwenye duka. Hiyo ndiyo kazi yao ya kwanza wakishamaliza kunakili picha, kwa hivyo mwenye jina ndiye wa mwisho kujua.

Ndio maana nasema, kusubiri wateja walalamike si ulinzi. Malalamiko yanakuja pesa ikishaenda. Mwenye biashara anafaa kuwa na siku na saa maalum ya kujitafuta mwenyewe kila wiki, aiweke alamu, na atumie akaunti nyingine isiyo ya duka. Hata ya ndugu yako ni sawa, bora haijulikani kuwa yako.

Unatafuta nini? Tuchukue jina la kubuni, Lulu Vitenge. Ukiandika hilo tu, utakosa mengi. Keti chini mara moja, andika orodha ya njia ambazo jina lako linaweza kupindwa: lulu.vitenge, lulu_vitenge_ke, luluvitengee, Lulu Vitenge Official, Lulu Vitenge Customer Care. Ongeza makosa ambayo wateja wako hufanya wakiandika, kwa sababu tapeli pia anayajua. Orodha ya majina kumi inatosha, na kuipitia Instagram, Facebook na TikTok ni kama nusu saa. Siku ukitangaza ofa, tafuta tena kesho yake, maana wateja wengi wanauliza bei kwenye komenti na tapeli huwavizia hapo na kuwaita inboksi.

Kuna ujanja ambao orodha haiushiki. Mtu akiandika LuIu kwa herufi kubwa ya I mahali pa l, macho yako yanasoma Lulu, lakini kwa mashine hilo ni neno lingine. Hapa tafuta kwa picha. Chukua picha yako ya wasifu na mbili tatu za bidhaa zinazopendwa, uziweke kwenye Google Lens uone zimetokea wapi kwingine. Haioni kila kitu kilicho ndani ya mitandao, kwa hivyo ni nyongeza tu.

Ukipata akaunti inayofanana, usikimbilie kupiga kelele. Pengine ni duka lingine halali lenye jina karibu na lako. Angalia mambo mawili. Kwanza, posti: akaunti ya kunakili mara nyingi ina picha zako za miaka miwili zilizopandishwa kwa siku moja au mbili. Facebook pia ina sehemu ya Page transparency inayoonyesha ukurasa ulifunguliwa lini na kama umebadilisha jina. Pili, uliza jinsi ya kulipa. Ukiambiwa Till ina shida, tuma kwa hii namba ya kibinafsi, umeshapata jibu. Usitume hata shilingi.

Kabla ya kuripoti, weka ushahidi: picha za skrini, linki kamili ya akaunti, tarehe, na namba ya simu waliyokupa. Jina la akaunti linaweza kubadilishwa ukilala. Kisha ripoti mara mbili. Mtandao wa kijamii utashughulikia akaunti, lakini namba ya kupokea pesa inafaa kuripotiwa kwa kampuni ya malipo husika. Kwa laini ya Safaricom, unaituma kwa 333 bila malipo. Wengi husahau hii ya pili, na tapeli anafungua akaunti mpya jioni hiyohiyo akitumia namba ileile.

Sitakudanganya kwamba hii inamaliza shida. Vikundi vya WhatsApp huwezi kuvitafuta ukiwa nje, na huko picha yako inaweza kutumika miezi bila wewe kujua. Huko macho yako ni wateja. Kwa hivyo bandika namba yako ya Till juu ya ukurasa wako, pamoja na jina linalotokea mtu akilipa, na uwaambie wakiona jina lingine wasibonyeze kukubali.

Rafiki yangu sasa hujitafuta kila Jumatatu saa mbili asubuhi, kabla hajafungua kibanda, kwa simu ya mpwa wake. Ile 2,500 ya yule mteja haikurudi. Alimpa kitenge kutoka mfukoni mwake.